Alichosema Bibi Kuhusu Nyumba

Mwalimu alifundisha Kirusi chuoni miaka thelathini na mmoja, kisha akakaa miaka kumi na mmoja bila mtu wa kumwambia hata habari za asubuhi kwa lugha hiyo. Hebu fikiria mwenyewe. Seremala akistaafu hubaki na msumeno wake, atajitengenezea hata kigoda. Mwalimu wa Kirusi akistaafu anabaki na nini? Anabaki na birika. Ndiyo, birika! Kila asubuhi, katika vyumba vyake viwili juu ya duka la kutoa kopi, aliliuliza birika lake, "Gotov?", yaani uko tayari, na likishachemka alilijibia mwenyewe, "Gotov." Mkewe alishatangulia mbele ya haki miaka minane iliyopita, mtoto hawakujaliwa, na idara yake ilifungwa kwa kukosa wanafunzi. Wanafunzi wa zamani walimpachika jina la utani, Kanuni, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja kanuni. Siku hizi hata wa kumtania hakuwapo.

Basi simu ilipolia na sauti ya mwanamke ikauliza, "Shikamoo, samahani, wewe ndiye yule mwalimu wa Kirusi?", mzee alisimama wima peke yake chumbani, akafunga na kifungo cha shati.

Aliyepiga alikuwa binti wa mama mmoja Mrusi. Mama huyo aliolewa na mhandisi aliyesoma kwao, akaja naye huku akiwa msichana, akazaa watoto wawili, akazeeka, akazika mume. Miezi miwili nyuma kiharusi kilimwangusha. Mguu ulirudi, mkono ulirudi, Kiswahili hakikurudi. Miaka arobaini na minne ya kubishana bei sokoni, kugombana na mafundi bomba na kuwafokea watoto, yote ikafutika. Alichobaki nacho ni kuelewa neno moja moja, lile analolisikia wazi. Akifungua mdomo yeye, kinatoka Kirusi tu, lugha ambayo watoto wake walikataa kujifunza kwa sababu utotoni waliionea haya mbele ya wenzao.

"Tunamsikia, hatumwelewi," binti alisema. "Mama yetu mwenyewe, Mwalimu. Inauma."

Mwalimu alisema atakuja. Hakuuliza ni mbali au karibu.

Ilikuwa nyumba hasa, siyo mchezo. Ghorofa mbili, vyumba vitano vya kulala, sebule ambayo ungeweza kuchezea harusi, na ngazi yenye mikono ya mbao iliyosuguliwa. Mhandisi aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, akitegemea wajukuu watakaokimbia humo. Wajukuu wako kwa baba yao, kaka wa binti yule, upande mwingine wa jiji, na huja sikukuu. Bibi, maana ndivyo kila mtu alivyomwita siku hizi, alikuwa ameketi jikoni kwenye kiti cha mbao, mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa nyuma kwa kipande cha kitambaa, na macho yake yalimpokea Mwalimu kwa tahadhari ya mtu aliyechoka kupuuzwa.

Mwalimu akamwamkia kwa Kirusi. Ulimi ulikuwa mzito, umeota kutu, lakini sentensi ilifika.

Wee! Ungeona uso ule. Bibi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili akaanza kusema, na kusema, na kusema, upande mmoja wa mdomo ukiburuta kidogo, machozi yakimtoka bila yeye kujali. Muuguzi aliyeajiriwa kumtunza akasogea kwa wasiwasi.

"Mwambie asijichoshe, yeye ni mgonjwa," akasema muuguzi.

Bibi alidaka neno mgonjwa. Akatikisa kidole. "Ya ne bolnaya. Ya bolna!"

Mwalimu akacheka, kicheko cha kwanza kwa muda mrefu. "Anakukatalia. Anasema yeye si mgonjwa, anaumwa."

"Si ni yale yale?"

"Si yale yale hata kidogo," akasema Mwalimu, na Kanuni wa zamani akafufuka mle ndani. Akaeleza kuwa Warusi wana vivumishi vya sura mbili, kirefu na kifupi. Kirefu hukaa popote, mbele ya jina au mwisho wa sentensi. Kifupi hukaa mwisho tu, pale unapomsema mtu yukoje. Ukisema kwa kirefu, bolnaya, umemweka mtu kwenye fungu: huyu ni mgonjwa, ndivyo alivyo, mzoee hivyo. Ukisema kwa kifupi, bolna, umesema hali yake ya sasa: anaumwa, na kesho huenda akaamka. Muuguzi alisikiliza nusu, akaenda kuchemsha maji. Lakini Bibi alimwangalia Mwalimu kama unavyomwangalia mtu aliyekufungulia mlango uliokwama.

Kikao cha familia alichoitiwa kilikuwa Jumamosi. Binti alitoka mji mwingine, mwendo wa saa sita, anakofanya kazi ya kupima maji maabara. Kaka yake, mwuza vifaa vya ujenzi, mtu mkubwa wa sauti na haraka, alikaa mkabala na mama yake akiwa na funguo za gari mkononi. Jambo lilikuwa moja. Je, mama abaki kwenye nyumba yake na muuguzi, au ahamie kwa binti, kwenye nyumba ya vyumba vitatu? Kaka mtu alitaka abaki. Si kwa ubaya. Aliamini mti mzee hauhamishwi. Binti alitaka kumchukua. Wakakubaliana mama aamue mwenyewe, na kauli yake iwe ya mwisho.

"Muulize," kaka akasema. "Taratibu. Anataka wapi?"

Mwalimu akauliza. Alikuwa amevaa koti lake la kufundishia na alikuwa na woga, maana watu watatu walikuwa wakimtazama mdomoni kama enzi zile. Bibi alifikiri. Akainua uso, akatazama dari, akatazama mlango unaoelekea sebuleni, akasema polepole:

"Dom mne velik."

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyokosea kwa ujuzi wake mwenyewe. Chuoni Mwalimu alikuwa na njia ya mkato aliyowapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wale waliolia na mitihani. Mkikutana na kivumishi kifupi mwisho wa sentensi, aliwaambia, msipoteze muda, kirefusheni kichwani, wekeni "ni", songeni mbele. Kiswahili kitameza vyote viwili. Njia ile iliwavusha wengi. Miaka thelathini na mmoja ya kuwavusha wengine ikamwingia yeye mwenyewe mwilini. Alisikia velik, akairefusha, akaweka "ni". Lile neno dogo la katikati, mne, yaani kwangu, akalipita, kama watu wanavyopita kizingiti bila kukiangalia.

"Anasema nyumba yake ni kubwa," Mwalimu akatafsiri.

Na Bibi, aliyesikia wazi nyumba, akasikia wazi kubwa, akaitikia kwa kichwa. Mara mbili. Kwa nguvu.

"Mnaona!" Kaka mtu alipiga goti lake. "Anajivunia nyumba yake! Mama haendi popote, na nani angeiacha nyumba kama hii? Dada, umesikia kwa masikio yako."

Binti alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Mama naye akamtazama yeye, akitabasamu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kusema lake. Kisha binti akachukua mkoba wake na kusema sawa, kama ndivyo anavyotaka, sawa.

Kabla ya kuondoka kaka alimwomba Mwalimu awe anakuja kuzungumza na mama, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa alasiri. Mwalimu alikubali kabla sentensi haijaisha.

Zikaanza siku njema. Niseme ukweli, zilikuwa siku njema kuliko zote tangu mkewe azikwe. Siku za katikati, Jumanne na Alhamisi, alizipitisha akiandaa mazungumzo, akifungua kamusi zilizokuwa na vumbi, akinyoa ndevu bila sababu. Birika likapata nafuu, halikuulizwa tena maswali. Jikoni kwa Bibi walizungumza juu ya theluji inayoyeyuka na kuwa tope, juu ya foleni za mkate, juu ya mhandisi akiwa kijana mwenye shingo nyembamba. Alipoingia, Bibi alisema, "Ya rada," nimefurahi, na Mwalimu alikuwa akikumbuka kwamba neno lile halina sura ndefu hata kidogo. Furaha ile huwezi kuigeuza tabia ya mtu. Ipo pale mlango unapofunguka, basi.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, Bibi alikuwa akiosha kikombe na pete yake ya ndoa ikachomoka kidoleni, ikadunda sakafuni, ikajiviringisha hadi chini ya jokofu. Mwalimu alipiga magoti, mzee wa watu, akaikokota kwa mpini wa mwiko.

"Veliko," Bibi akasema, akimwonyesha jinsi pete inavyopwaya. "Mne veliko." Vidole vyake vilikuwa vimekonda hospitalini. Kisha akazungusha mkono wake hewani, akionyesha kuta, ngazi, vyumba vya juu, akasema kwa sauti ile ile ya kawaida, "I dom velik." Na nyumba vilevile.

Mwalimu alikuwa bado amepiga magoti.

Kwa sababu hapo, kwa vivumishi vya vipimo, kanuni ni nyingine, na aliijua kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Ukisema kwa kirefu kwamba viatu ni vidogo, umevisifia au umevielezea tu. Ukisema kwa kifupi, na hasa ukimtaja mvaaji, umesema vinambana. Mikono ya shati ni mifupi mno kwa huyu, suruali ni ndefu mno kwa yule. Kirefu kinapima kitu. Kifupi kinapima kitu na mtu wake, na kusema kwamba havilingani. Alilifundisha somo hili kwa wanafunzi wa mwaka wa pili kila mwaka, akiwa na jozi ya viatu vya mtoto mezani. Wa mwaka wa pili! Wale aliowapa njia ya mkato walikuwa wa mwaka wa kwanza.

Alitaka awe amekosea. Akajaribu mtego. "Dom bolshoy?" akauliza, nyumba ni kubwa? Bolshoy ni kirefu. Kifupi chake chenyewe hakina, huazima hicho hicho velik.

"Bolshoy," Bibi akakubali, uso umechangamka. "Bolshoy, khoroshiy dom." Nyumba kubwa, nzuri, mume wangu aliijenga. Kisha akajigusa kifuani. "A mne velik."

Nyumba inamzidi. Ndicho alichosema mbele ya watoto wake. Nyumba imenizidi, sitaki kubaki humu. Na Mwalimu, mtaalamu, mwenye koti, aligeuza kilio kikawa majivuno.

Dawa ya kosa ni kusema. Simu ilikuwa mfukoni. Angempigia binti dakika ile, angeomba radhi, angeaibika siku moja, yangeisha. Lakini alipoinuka na kujipangusa magoti akamwona Bibi akimimina chai kwenye vikombe viwili, na akaona Jumatatu, akaona Ijumaa, akaona vyumba vyake viwili juu ya duka la kopi, na mashine inayovuma chini, sakafu ikitetemeka. Binti akija, Bibi ataondoka. Bibi akiondoka, basi tena. Umri wake ulikuwa sabini na mbili. Mrusi mwingine atamtoa wapi?

Akanywa chai.

Ijumaa hakusema. Jumatatu hakusema. Alijipa sababu, na mtu mwenye elimu hakosi sababu: mgonjwa asihamishwe haraka, safari ni ndefu, muuguzi ni mzuri, pengine Bibi amebadili mawazo. Huku macho yake yalikuwa yanaona. Aliona kwamba Bibi haendi sebuleni kamwe. Aliona kitanda chake kimeteremshwa hadi kwenye chumba kidogo kando ya jikoni, stoo ya zamani, bado kina harufu ya sabuni na magunia. Muuguzi alimwambia kwamba jioni mama hufunga milango ya vyumba vyote, mmoja mmoja, kisha hukaa akiitazama. "Mimi naogopa hata kumuuliza anaogopa nini," muuguzi alisema, "maana hatuelewani."

Jumanne ile binti alipiga simu.

"Mwalimu, nisamehe kukusumbua. Siku ile mama hakusema kitu kingine? Mimi chumba nilishakipaka rangi. Kila nikipita nakiona. Nasema labda kuna kitu hatukusikia."

Chini, mashine ya kopi ilikuwa ikivuma, karatasi baada ya karatasi.

"Hakusema kingine, mwanangu," akasema.

Mpaka pale lilikuwa kosa, kuanzia pale ukawa uongo. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila ya huyu bwana ilikuwa na vituo vitatu kila wiki na chai katika kila kituo. Hakulala vizuri. Alianza tena kuongea na birika.

Jumatatu iliyofuata alimkuta Bibi amevaa gauni la kutokea, na viatu vya kutembea, ameketi jikoni na mkoba mdogo mapajani. Muuguzi akainua mabega: hivyo ndivyo anavyojivika tangu wiki jana, kila asubuhi.

"Mnaenda wapi?" Mwalimu akamuuliza kwa Kirusi, kwa wingi wa heshima.

Bibi alikuwa akichezea kifungo cha mkoba, kufungua, kufunga. Kisha akasema kwamba alimwambia binti yake. Nilimwambia mbele yako, akasema, nikamwambia nyumba imenizidi, naye akachukua mkoba wake akaondoka. Nikadhani anakwenda kuandaa. Sasa nimeelewa. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Ya yey ne nuzhna," akasema.

Kwake yeye sihitajiki. Nuzhna: kifupi, na mwenye kuhitaji ametajwa pale pale, yey, yeye yule mmoja. Mwalimu alilifundisha neno hilo kwa penseli. Nahitaji penseli, nahitaji kitabu, nahitaji tiketi, darasa zima likiimba. Hakuwahi kulisikia likisemwa na mama juu ya mwanawe. Na binti kule ana chumba chenye rangi mbichi, anakipita kila siku akidhani mama yake kachagua ngazi na kuta. Watu wawili wanaotakana, kila mmoja anaamini amekataliwa, na katikati yao amekaa yeye, anakunywa chai.

Moyo ulimpasuka, sina namna nyingine ya kusema. Akaweka kikombe. Akamwambia Bibi yote, kwa Kirusi, bila kupamba. Kwamba binti hakusikia alichosema. Kwamba yeye alitafsiri vibaya siku ile kwa haraka na majivuno. Kwamba aligundua siku ya pete, akanyamaza. Kwamba binti alipiga simu, akamdanganya.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Akauliza neno moja tu: kwa nini?

"Kwa sababu ungeondoka," Mwalimu akasema, na kwa mara ya kwanza hakutumia wingi wa heshima, ilimponyoka.

Akatoa simu, akampigia binti pale pale, mbele ya mama yake, asije akajipa nafasi ya kufikiri. Akasema tena yote kwa Kiswahili. Upande wa pili zilisikika chupa za maabara zikigongana.

"Nilikuuliza, Mwalimu," binti akasema. "Nilikupigia, nikakuuliza."

"Uliniuliza. Nikakudanganya."

"Mtu mzima kama wewe."

"Mtu mzima kama mimi."

Binti alilia kidogo, kisha akaacha kulia, na sauti yake ikawa ya kazi. "Mpe mama simu."

Hawakuelewana hata neno. Binti alisema "Mama, nakuja, nakuja Jumamosi, Mama," na Bibi alisema ya kwake kwa Kirusi, wote wawili kwa pamoja, wote kwa machozi, na muuguzi aliyekuwa mlangoni akageukia ukutani. Hawakumhitaji mkalimani. Mwalimu akatoka, akashuka ngazi za mbele, akaenda zake.

Jumatano hakwenda. Ijumaa hakwenda. Alhamisi jioni binti alituma ujumbe: Njoo Jumamosi. Si kwa ajili yako. Mama atahitaji mtu wa kumwelewa wakati wa kufunga mizigo.

Alikwenda. Kaka mtu alimsalimia kwa kichwa tu, akaendelea kubeba. Huyo naye alikuwa amenuna, si kwa sababu mama anahama, bali kwa sababu alimsemea mama mambo yasiyokuwemo, na hakuna aliyemlaumu. Siku nzima Mwalimu alitafsiri vitu: hiki kinakwenda, hiki kinabaki, picha hiyo kwa kaka, sufuria hiyo hapana, imeungua. Alitafsiri kila neno, hata yale madogo, hata kikohozi angekitafsiri. Bibi alimtumia kama unavyotumia mtu wa kazi, bila ukali na bila kumtazama. Na yeye alijua anastahili, akashukuru hata hilo.

Saa nane na nusu mizigo ilikuwa garini. Bibi akaketi kiti cha mbele, binti akamfunga mkanda, kaka akaenda kufunga milango ya ndani. Ndipo Bibi akateremsha kioo na kumwita Mwalimu kwa kidole.

"Vy byli nepravy," akamwambia. Ulikuwa umekosea. Nepravy, kifupi, tena kwa wingi, maana kifupi kinapomheshimu mtu hujivika wingi. Kosa la jambo hili, la siku hizi. "No vy ne plokhoy." Lakini si mtu mbaya. Hicho kirefu, na kirefu hakijui kujivika wingi, humsema mtu mmoja kama alivyo tangu mwanzo.

Mwalimu akainamisha kichwa. Alidhani yameisha, na angefurahi kama yangeishia pale. Bibi akaweka mkono wake mwembamba kwenye ukingo wa kioo, akamtazama sana, kama anatafuta neno lenyewe, na alikuwa nalo.

"Ya zdes byla odinoka," akasema. "A vy odinokiy."

Binti alikuwa ameshaketi nyuma ya usukani. Akainama mbele kumwangalia Mwalimu kupitia dirisha la mama yake.

"Amesema nini?"

Angeweza kusema anaaga. Hakuna mtu duniani ambaye angemgundua.

"Amesema mimi nilikosea, ila si mtu mbaya."

"Na hayo ya mwisho?"

"Amesema, humu ndani yeye alikuwa mpweke. Na mimi ni mpweke."

Binti akakunja uso. "Si kitu kimoja?"

"Hapana, mwanangu." Akainama hadi usawa wa kioo. "La kwake kalisema kwa kifupi. Upweke ulimkuta humu, kwenye nyumba hii, na leo unamtoa. Usiku huu akilala kwako litakuwa limekwisha. La kwangu kalisema kwa kirefu. Anasema ndivyo nilivyo. Nikiwa na watu, nisiwe na watu."

Binti aliweka mkono kwenye ufunguo. "Ni kweli?" akauliza, kwa upole ambao hakumwonyesha siku nzima.

"Nimetafsiri alichosema," Mwalimu akajibu. "Safari hii sikupunguza kitu."

Gari likatoka. Bibi hakugeuka nyuma, alikuwa anamwonyesha binti yake kitu barabarani na kukitaja jina, na binti alikuwa akijaribu kulirudia jina lile, akikosea, akijaribu tena. Kaka mtu akatoka na rundo la funguo, akafunga lango, akapanda gari lake. Akashusha kioo.

"Nikusogeze, Mwalimu? Unaelekea wapi?"

"Juu ya duka la kopi," Mwalimu akasema, akifungua kifungo cha shati.